Kibaba ambacho watoto hawajakiona

Swali: "Ninafundisha darasa la nne katika shule ya mjini. Nikianza kusema 'haba na haba', darasa zima linamalizia 'hujaza kibaba'. Lakini nilipowauliza kibaba ni nini, mmoja alisema ni baba mfupi, mwingine akasema ni aina ya mfuko. Nimewaonyesha picha ya kopo la kupimia nafaka, na bado kila mmoja ananiambia kuwa maana ya methali ni 'weka akiba'. Niwaelezeje watoto ambao hawajawahi kukiona kibaba, bila kuligeuza somo kuwa somo la vipimo vya kale?"

Mwalimu, picha haikukusaidia kwa sababu picha huonyesha umbo, na methali hii haitegemei umbo la kibaba hata kidogo. Kibaba kiliweza kuwa cha mti, cha kibuyu au cha bati, na methali ikabaki ileile. Inachotegemea ni tendo la kukijaza, pamoja na mambo matatu ambayo kila aliyewahi kupima nafaka kwa chombo hicho aliyajua bila kuambiwa: kwamba kibaba kina mdomo, kwa hiyo kujaza kwake kuna mwisho, kwamba ni kipimo kilichokubaliwa na watu wote, kwa hiyo hakuna ubishi juu ya kimejaa au hakijajaa, na kwamba kinachokaa ndani yake ni chakula kinachomtosha mtu. Mtoto asiyeyajua mambo hayo hubaki na "kidogo kidogo" peke yake, na kwa kuwa watu wazima humtajia kidogo kidogo wanapozungumza juu ya fedha, anaishia kwenye akiba. Jibu lake si kosa kabisa, ila ni nusu tu ya methali.

Nianze na kitu chenyewe, kwa kiasi kinachokutosha wewe na si lazima kiwatoshe watoto wote. Kibaba ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Kilitumika kupimia nafaka kama mtama, mahindi na mchele kabla ya mizani kuenea, na kilikuwa katika mpango wa vipimo ambamo vibaba 2 vilifanya kisaga kimoja, na vibaba 4 vilifanya pishi moja. Ukubwa wake ulitofautiana kidogo kutoka mahali hadi mahali, na uzito wa kilichomo ulitegemea nafaka yenyewe, lakini ukikadiria kati ya nusu kilo na robo tatu ya kilo hutakuwa mbali na ukweli. Watu walitofautisha pia namna mbili za kukijaza. Kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa mdomoni kwa mkono au kwa kijiti, na kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa hadi nafaka ikafanya kichuguu juu ya mdomo. Watoto hupenda sana tofauti hiyo wanapoiona, na itakufaa baadaye, kwa hiyo usiwaambie mapema.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni hili la chakula. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda bara iliwalisha wapagazi wake kwa posho, na kiasi cha kawaida cha posho ya mpagazi mmoja kwa siku moja kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Mtu aliyebeba mzigo kutwa alihesabiwa kuwa kibaba kinamtosha hadi kesho yake. Kwa wasikilizaji wa zamani, basi, kibaba kilichojaa hakikuwa utajiri wala hazina, bali siku moja ya mtu iliyokamilika. Hapo ndipo tafsiri ya "weka akiba utajirike" inapoachana na methali. Methali haiahidi kwamba kidogo kitakuwa kingi bila kikomo. Inasema kwamba vitu ambavyo kimoja kimoja havimtoshi mtu hufika mahali vikamtosha. Ahadi hiyo ni ndogo kuliko ile ya utajiri, na kwa maoni yangu ni ya kweli zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuithibitisha mwenyewe kwa macho na mikono yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiielezee maana kwanza. Wape watoto chombo, nafaka na kazi ya kujaza, kisha maana itoke katika maswali utakayouliza baada ya hapo.

Tafuta kopo la bati lisilo na kutu, lenye kuta zilizosimama wima na ujazo wa kati ya mililita 700 na 900. Makopo ya maziwa ya unga mara nyingi huwa karibu na kiasi hicho. Litakuwa kibaba chako, na si lazima lilingane na kibaba cha kale kwa kijiko, maana hata vya kale havikulingana. Ukubwa wake kwa ujumla ndio usiopuuzwe. Walimu wengi huchukua kikombe kwa sababu kiko karibu, nacho hujaa kwa konzi tano au sita, kabla mtoto hajapata nafasi ya kushangaa. Wengine huchukua ndoo ili ionekane vizuri hata na walio nyuma, lakini ndoo haijai hadi kipindi kinakwisha, na watoto huondoka wamejifunza kinyume cha methali, kwamba kidogo hakijazi kitu. Ukiwa na kopo la kiasi nilichotaja, konzi za mtoto wa darasa la nne, yaani kile kinachoshikika ndani ya ngumi yake iliyofungwa, zitalijaza kwa mara 20 hadi 30 hivi. Idadi hiyo ni kubwa vya kutosha kuleta shaka katikati ya kazi, na ni ndogo vya kutosha kwa kazi kuisha watoto wakiwapo.

Kopo lisiwe la kioo wala la plastiki inayoonyesha ndani. Nalisisitiza hili kwa sababu mwalimu mwenye nia njema huona kwamba chombo kinachoonyesha ndani ndicho bora zaidi. Kwa somo la sayansi ningekubali. Kwa methali hii, mtoto anayeiona nafaka ikipanda ubavuni tangu konzi ya kwanza hana haja ya kuambiwa asikate tamaa, kwani hakuna kilichomtia shaka. Methali husemwa kwa mtu asiyeona kinachoongezeka, na kopo la bati humweka mtoto katika hali ya mtu huyo.

Tumia mchele au mahindi makavu. Mchanga ni rahisi kupatikana na haumwagiki kwa hasara, lakini mchanga ukijaa kopo unabaki kuwa kopo la mchanga, na lile jambo la tatu, la chakula kinachomtosha mtu, linapotea pale pale. Maharagwe makubwa hayafai sana kwa sababu yanaacha mapengo, na watoto huanza kuyahesabu punje kwa punje. Watoto wanawe mikono, chini ya kopo pawe na sinia safi ya kudaka zinazomwagika, na nafaka irudi jikoni baada ya kazi. Usiipike darasani, kwa maana harufu ya chakula itamaliza somo lako.

Sasa tufike kwenye uamuzi ambao kwa kweli ndio unaoamua watoto watajifunza nini, nao ni huu: nani anatia nafaka? Methali hii hutumika kwa namna mbili zinazofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana. Namna ya kwanza ni ya mtu mmoja anayefanya jambo dogo mara nyingi, kama anayejifunza kusoma neno moja baada ya jingine. Namna ya pili ni ya watu wengi ambao kila mmoja anatoa kidogo mara moja, kama watu wanaochanga, na mwenye kutoa kidogo anaisema methali hii ili asione haya kwa udogo wa alichotoa. Ukiwapanga watoto mstari na kila mmoja akatia konzi moja, umefundisha ya pili tu. Ukimwita mtoto mmoja akatia zote, umefundisha ya kwanza tu, tena kwa haraka mno. Yafaa ufanye yote mawili, na kila moja lina muda wake.

Anza na wengi, kwa sababu linaisha katika kipindi kimoja. Tuseme darasa lina watoto 50. Weka makopo mawili, watoto 25 kwa kila kopo, na beseni la mchele pembeni. Kabla ya mtoto yeyote kusogea, mwite mmoja achukue konzi yake, aimwage juu ya sahani nyeupe, na uulize swali moja tu: "Mtu mzima akila hizi, atashiba?" Watacheka na kusema hapana. Usiongeze neno. Kisha wapite mmoja mmoja, kila mmoja atie konzi yake, achungulie ndani na aseme anachoona, naye mtoto mmoja aandike ubaoni maneno yao jinsi yalivyo.

Utakachokiona ubaoni karibu kila mara ni hiki. Wa kwanza wanasema mengi: "nafaka zimetapakaa", "chini bado panaonekana", "sasa chini pamefichika". Kisha linakuja kundi la watoto wanane au kumi ambao wanasema kitu kimoja, "ni vilevile", na baadhi yao wanakosa hamu hata ya kuchungulia. Halafu wa mwisho wanasema mengi tena, kwa sababu sasa nafaka inakaribia mdomo na kila konzi inaonekana. Mtoto wa mwisho, au wa kabla yake, atakuta kopo limejaa na nafaka zinaporomokea kwenye sinia. Mpe kijiti kilichonyooka apitishe juu ya mdomo kusawazisha, na hapo ndipo uwaambie kwamba hiki sasa ni kibaba cha mfuto, na kwamba kabla ya kijiti kupita kilikuwa cha tele. Neno "kibaba" linaingia darasani likiwa tayari na mwili.

Rudi sasa kwenye sahani. Iweke kando ya kopo na urudie swali lile lile: "Na hizi, mtu mzima atashiba?" Waeleze kwamba palikuwa na watu waliosafiri kwa miguu na mizigo kichwani, na kwamba hiki ndicho kilichokuwa chakula cha mmoja wao kwa siku nzima. Usihubiri juu ya watu hao. Sentensi mbili zinatosha. Kisha uliza ni konzi ya nani iliyojaza kibaba. Atakayesema "yangu" kwa kuwa alikuwa wa mwisho, muulize kama kopo lingejaa lau yule wa kumi na mbili, aliyesema "ni vilevile", angerudi kukaa na konzi yake. Mazungumzo yatakayotokea hapo ni methali yenyewe katika matumizi yake ya pili, nawe hujaeleza lolote.

Matumizi ya kwanza yanahitaji siku nyingi, na naomba usiyafupishe. Kopo moja likae juu ya meza yako, likiwa tupu, lenye kifuniko cha kuzuia panya na wadudu. Chagua mtoto mmoja kwa kila kundi, au mtoto mmoja kwa darasa zima, ambaye kila asubuhi atatia konzi moja kutoka katika mfuko wa nafaka na kusawazisha juu yake kwa kulitikisa kopo kidogo, kwa namna ileile kila siku. Baada ya kusawazisha, ashushe kijiti chembamba hadi kiguse nafaka, aweke alama mahali kijiti kinapokutana na mdomo wa kopo, na aandike tarehe kando ya alama. Kazi nzima haizidi dakika mbili. Kwa kopo la mililita 850 lenye kimo cha sentimita 14, konzi ya mtoto itapandisha nafaka kwa milimita 5 au 6, na kopo litajaa baada ya siku 25 hivi za shule, yaani wiki tano.

Kijiti hicho ndicho chenye somo. Katika wiki ya pili na ya tatu watoto watakuambia kwamba kopo limesimama, kwamba haliongezeki tena, na huenda mmoja akasema mwenzake anadanganya, hatii konzi kamili. Chukua kijiti ukiweke mbele yao pamoja na rula. Alama za wiki ya kwanza zimeachana kwa milimita 5 au 6, na alama za wiki ya tatu zimeachana kwa kiasi hichohicho, ukiondoa tofauti ndogo za ngumi. Kopo halikusimama. Lililobadilika ni jicho. Mwanzoni jicho lilikuwa na sakafu ya kopo ya kupimia, na mwishoni litakuwa na mdomo, lakini katikati halina alama yoyote iliyo karibu, kwa hiyo halioni nyongeza ingawa nyongeza ipo. Sijui njia nyingine ya kumweleza mtoto wa miaka kumi kwa nini wazee huisema methali hii hasa kwa mtu aliye katikati ya kazi, na si kwa anayeanza wala kwa anayemaliza.

Mambo kadhaa yataharibika, na karibu yote yanafaa. Mtoto atakosa shule siku mbili, na kijiti kitaonyesha kwamba kopo halikupanda. Usimruhusu mwenzake ajazie kimyakimya, bali waache waone pengo la tarehe. Mwingine atachoka na kutia konzi tano kwa siku moja ili kumaliza. Mwulize kama amevunja methali. Jibu sahihi ni hapana, kwa sababu methali haimkatazi mwenye nyingi kutia nyingi. Inamsemea yule ambaye leo ana konzi moja tu. Ikiwa kopo limetikiswa sana siku moja, nafaka itashuka badala ya kupanda, na watoto watagundua wenyewe kwamba kibaba kilichoshindiliwa kinabeba zaidi ya kibaba kisichoshindiliwa. Hilo limezua ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi tangu vipimo vya ujazo vilipoanza, na unaweza kuwaachia walizungumze kwa dakika chache, kisha urudi kwenye alama za kijiti.

Kopo likiwa bado katikati, waombe watoto wakutafutie mambo mengine yanayojaza kibaba, na hapa ndipo utakapojua nani ameelewa. Kila mfano wanaoutoa upimwe kwa maswali matatu yatokanayo na kopo: Konzi yake ni nini? Mdomo wake uko wapi? Ikijaa, inamtosha nani? Chukua mtoto anayesema, "Nitaweka shilingi kila siku hadi niwe tajiri." Konzi ipo, lakini mdomo haupo, kwa kuwa hakuna mtu anayejua utajiri unajaa wapi. Usimwambie amekosea, bali mtake autafute mdomo. Akisema, "Nitaweka kila siku hadi nipate bei ya mpira," amepata kibaba, maana bei ya mpira inajulikana, na mpira ukishanunuliwa unawatosha yeye na wenzake kucheza. Mwingine akisema, "Ninasoma ukurasa mmoja kila jioni hadi kitabu kiishe," mfano wake umekamilika bila msaada: ukurasa ni konzi, jalada la mwisho ni mdomo, na kitabu kilichosomwa chote kinatosha kwa namna ambayo ukurasa mmoja hautoshi.

Mfano utakaokufurahisha zaidi ni wa yule atakayesema, "Nilikula pipi moja moja hadi pakiti ikaisha." Konzi zipo na mwisho upo, lakini kitu kimepungua badala ya kujaa. Mtoto huyo amegonga mlango wa methali nyingine, "bandu bandu huisha gogo", na ningekushauri uifungulie palepale, kwa sababu atakuwa ameshafika nusu ya njia. Bandu ni kibanzi kinachoruka mtu anapochonga au kukata mti kwa shoka, na gogo ni shina lililolala. Mchele uliomo katika kopo utakusaidia tena: mwite mtoto atoe konzi moja baada ya nyingine kutoka katika kibaba kilichojaa, na wenzake waseme wanachoona. Watasema "ni vilevile" kwa muda mrefu, kisha ghafla sakafu itaonekana. Jicho lilelile lililoshindwa kuona kuongezeka linashindwa pia kuona kupungua. Methali hizi mbili zinaelezana, na mtoto anayeweza kusema ni ipi inafaa wapi ameshapita mbali zaidi ya kukamilisha sentensi.

Kuhusu kukamilisha sentensi, nisingekuomba uache. Methali hii imesukwa kwa sauti, "haba" mara mbili na "kibaba" mwishoni, na mdomo wa mtoto hupenda kuimalizia kama anavyopenda kumalizia wimbo. Sauti hiyo ndiyo iliyoihifadhi hadi ikafika kwenye darasa lisilo na kibaba hata kimoja. Lakini sauti hiyohiyo humfanya mtoto ajibu bila kufikiri, kwa hiyo usiitumie kama kipimo cha kuelewa. Mtihani wa kawaida utauliza "haba na haba…" na watoto wako watapata alama. Wewe uwe na swali lako la pembeni.

Swali ninalolipendekeza ni la kuwataka watoto wamtaje msemaji na msemewa. Wape hali fupi, kwa maandishi au kwa mdomo, na waulize kama methali inafaa kusemwa hapo, nani aiseme, na amwambie nani. Hali ya kwanza: msichana anajifunza kusuka mkeka, amesuka ukili kwa wiki mbili na unaonekana mfupi, naye anataka kuacha. Hapa methali inafaa, na anayefaa kuisema ni mwenye kuona mkeka utakavyokuwa, labda bibi yake, kwa kumtia moyo. Hali ya pili: mvulana anachangia kiasi kidogo kwa ajili ya mgonjwa wa jirani na anaona haya. Inafaa, na anaweza kuisema mwenyewe, au akaambiwa na anayepokea. Hali ya tatu: mtu amekopa, ana uwezo wa kulipa deni lote leo, lakini analipa vipande vipande huku akisema "haba na haba". Watoto wengi watasema inafaa, kwa kuwa kuna vipande na kuna mwisho. Waulize mkopeshaji amekaa siku ngapi bila haki yake, na kama aliyekopa ana konzi moja mkononi au ana kibaba kizima alichokificha. Methali ni ya mwenye konzi moja. Mwenye kibaba kizima akiisema anajificha nyuma yake, na darasa la nne lina umri wa kutosha kuliona hilo likiulizwa vizuri.

Mpangilio wa vipindi utautengeneza mwenyewe, ila kuna jambo moja la mwisho la utekelezaji. Usianzishe kopo la siku 25 ikiwa likizo iko karibu, kwa sababu likikatwa katikati watoto watabaki na kopo la nusu na kumbukumbu kwamba halikujaa. Hesabu siku za shule zilizobaki katika muhula, toa tano za dharura, na ukiona zinazobaki hazitoshi, chukua kopo dogo zaidi, la mililita 500 hivi, ambalo litajaa kwa konzi 15 au zaidi kidogo. Litakuwa dogo kuliko kibaba cha kweli, na itakupasa kuwaambia watoto hivyo, lakini litakuwa bado na mdomo, na watakuwapo siku ya kupitisha kijiti.